Bei ya Pensheni: Mkupuo Ukipimwa kwa Thamani ya Sasa

Kikokotoo cha mafao ya watumishi wa umma Tanzania huanza na pensheni kamili ya mwaka: idadi ya miezi ya utumishi hugawanywa kwa 580, kisha huzidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka. Sehemu ya pensheni hiyo hubadilishwa kuwa mkupuo kwa kuizidisha mara 12.5, na inayobaki hulipwa kila mwezi maisha yote ya mstaafu. Mwaka 2018, kanuni mpya zilipopunguza mkupuo hadi asilimia 25, watumishi waliokuwa wamezoea nusu ya pensheni na kizidishio cha 15.5 walilalamika hadi Rais Magufuli akazisitisha. Kuanzia Julai 2022 mkupuo ukawa asilimia 33, kisha ukapandishwa kufikia 40 kwa kundi lililokuwa likipata nusu hapo zamani. Mstaafu hachagui mgawo huo. Anachoweza kupima ni kama bei ya 12.5 inamfaa.

Chukua mtumishi wa miezi 348 mwenye wastani wa mshahara wa shilingi milioni 18 kwa mwaka. Sehemu yake ni 348 kwa 580, yaani 0.6, na pensheni kamili ni milioni 10.8 kwa mwaka, sawa na 900,000 kwa mwezi. Asilimia 40 yake ni 360,000 kwa mwezi, au milioni 4.32 kwa mwaka. Ikizidishwa mara 12.5 inakuwa mkupuo wa milioni 54. Kila mwezi atabakiwa na 540,000. Kwa maneno mengine, ameuza 360,000 za kila mwezi kwa milioni 54.

Hesabu inayofanywa vijiweni ni kugawanya milioni 54 kwa 360,000 na kupata miezi 150. Akiishi zaidi ya miaka 12 na nusu, husemwa, amepunjwa. Kasoro ya hesabu hiyo ni kuichukulia shilingi ya mwaka wa ishirini kuwa sawa na ya leo, wakati ya leo ingeweza kuwekezwa ikazaa. Thamani ya sasa hurekebisha hilo kwa kuuliza: ni kiasi gani kingewekwa leo ili kifikie malipo yale siku yake itakapofika?

Tuseme fedha huzaa asilimia 1 kwa mwezi. Malipo ya 360,000 ya baada ya mwezi mmoja yana thamani ya takriban 356,400 leo, ya baada ya miaka 10 yana 109,000, na ya baada ya miaka 20 yana 33,000 tu. Kujumlisha malipo yote kuna njia ya mkato:

PV = P × (1 − (1 + i)^−n) ÷ i

P ni malipo ya mwezi, i ni riba ya mwezi na n ni idadi ya miezi. Kwa asilimia 1 na miezi 240, jibu ni takriban milioni 32.7. Hata malipo yasiyokoma milele yangefikia milioni 36 tu. Kwa riba hiyo, basi, milioni 54 ni bei nzuri mno kwa mstaafu, jambo ambalo wanaokilaani kikokotoo hawalitaji mara nyingi.

Lakini yote yamo katika riba. Ikiwa asilimia 5 kwa mwaka, miaka 20 ya malipo ina thamani ya milioni 54.5, karibu sawa na mkupuo. Asiye na mahali pa kuzalisha fedha, anayeziacha zikae bila faida, riba yake ni sifuri, na miaka 20 ya pensheni ni milioni 86.4. Riba ya kutumia, kwa hiyo, ni ile ambayo mstaafu ataipata kweli bila hatari kubwa, kwa mfano kwenye hatifungani za Serikali. Faida ya duka ambalo bado halijafunguliwa haihesabiwi hapa. Na anayejenga nyumba ya kuishi hana riba yoyote ya kuandika, ila kodi ya pango anayoiepuka.

Mambo mawili huisogeza hesabu upande wa pensheni. La kwanza ni nyongeza: pensheni ikipanda asilimia 3 kila mwaka, riba ya asilimia 12 hupungua kwa makadirio hadi 9, na miaka 20 ya malipo hupanda kufikia takriban milioni 40. Bila nyongeza, mfumuko wa bei huila taratibu, na tayari umo ndani ya riba ya soko. La pili ni umri. Idadi ya miezi haijulikani, na anayestaafu akiwa na miaka 60 kisha akafika 90 angekuwa na malipo yenye thamani ya milioni 67 kwa riba ya asilimia 5. Mkupuo uliotumika wote hauna namna ya kumlipa miaka hiyo ya mwisho, wakati pensheni ya mwezi inaendelea kuingia hadi anapofariki.