Namba Moja ya Duka, Wahudumu Watatu

Katika maduka mengi ya kuuza na kutengeneza friji, kila mhudumu huwapa wateja namba yake binafsi. Akiugua, simu hazipokelewi, na akiacha kazi anaondoka na wateja. Namba moja ya duka huondoa tatizo hilo, lakini huleta jingine: anayepokea jioni si yule aliyetoa ahadi asubuhi.

Upande wa simu si mgumu. Katika mitandao mingi, ukibonyeza `**61*namba#` kwenye simu ya duka, simu isiyopokelewa huhamia kwenye namba ya pili uliyoiandika hapo. Muda wa maongezi hayo hulipiwa na laini ya duka. Kwa ujumbe, WhatsApp Business huruhusu vifaa vinne kuunganishwa na simu kuu, ila simu hiyo isipotumika kwa zaidi ya siku 14, vifaa hivyo hukatwa.

Kazi hasa iko kwenye daftari la makabidhiano. Tuseme mama mmoja amepiga asubuhi kulalamika kwamba friji yake haigandishi. Mhudumu akiandika “friji mbovu, fundi ataenda”, mwenzake wa jioni hana la kumjibu mama huyo akipiga tena. Fundi yupi? Lini? Nani atalipa? Linganisha na maelezo haya:

“Jumanne, saa 3 asubuhi. Anasema tulimbadilishia kompresa mwezi uliopita, risiti sijaiona. Friji inanguruma lakini haigandishi. Nimemwahidi fundi Alhamisi kabla ya saa 6 mchana, bila malipo ikiwa dhamana haijaisha. Fundi hajakubali bado. Nampigia fundi leo saa 9. Asipopatikana, wa zamu ya jioni aendelee.”

Kwangu mimi, sentensi yenye thamani kuliko zote hapo ni “Fundi hajakubali bado.” Watu huandika walichokifanya na kuacha kilichobaki, na ahadi hufia hapohapo. Angalia pia kwamba “anasema” imetenganishwa na kilichothibitishwa, na kwamba hatua inayofuata ina mwenyewe. Isipokuwa naye, kila mhudumu hudhani mwenzake ameshapiga.

Namba ya simu peke yake haitoshi kumtambua mtu. Wengi wana laini mbili, wengine huazima simu ya jirani. Tafuta kwa namba ya risiti pia, na hakikisha unaongea na mhusika kabla ya kumsomea chochote.

Usiandike “mteja msumbufu”. Andika “aliahidiwa mara mbili, fundi hakufika”. Hilo linamsaidia anayefuata. Isitoshe, sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, humpa mtu haki ya kuomba kuona yaliyohifadhiwa kumhusu.

Kama mnatumia namba moja, wekeni alama daftarini kila mteja anapoanza na “nilishamweleza mwenzako”. Alama zisipopungua baada ya wiki chache, msibadilishe simu. Yasomeni upya maelezo mnayoachiana.