Mizunguko kumi na tano ya Uhuru

Fundi wa dishi akipanda juu ya paa la nyumba jijini Nairobi, kazi yake ni ya mara moja. Anafunga mguu wa dishi, anaunganisha waya kwenye kifaa cha kupimia mawimbi, kisha anasogeza dishi kidogo kidogo huku akitazama namba zikipanda na kushuka. Zikifika juu kabisa anakaza nati kwa spana na kushuka ngazi. Tangu siku hiyo dishi litaelekea sehemu ileile ya anga miaka nenda miaka rudi, na setilaiti itakuwa palepale, juu ya ikweta kwenye longitudo ya nyuzi 36 mashariki, karibu kabisa na utosi wa mtu aliyesimama Nairobi.

Setilaiti hiyo haijatundikwa. Inakimbia kilomita 3 na kidogo kwa kila sekunde. Inaonekana imetulia kwa sababu inamaliza mzunguko mmoja kwa muda uleule ambao dunia nayo inajizungusha mara moja.

Tarehe 12 Desemba 1970 pwani ya Kenya ilirusha setilaiti ya tabia nyingine kabisa. Roketi aina ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, lililokuwa limesimama baharini kaskazini mwa Malindi chini ya usimamizi wa Waitaliano, ikiwa imebeba chombo cha shirika la anga la Marekani, NASA. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, na chombo kikaitwa Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Nayo ilipita juu ya ikweta kama ile ya televisheni, ikielekea mashariki vilevile, lakini haikutulia juu ya mji wowote. Iliizunguka dunia nzima kwa dakika 95 hivi, yaani mara 15 kwa siku moja.

Kinachozitofautisha ni kimo tu. Uhuru ilikuwa kati ya kilomita 520 na 560 kutoka ardhini. Setilaiti ya televisheni iko kilomita 35,786.

Ukimwuliza mtu kwa nini ya juu inachelewa, jibu la haraka ni kwamba njia yake ni ndefu. Jibu hilo ni kweli, ila ni nusu tu ya habari. Tuichukulie Uhuru kuwa kwenye kimo cha wastani cha kilomita 540. Kutoka kitovu cha dunia hadi ikweta ni kilomita 6,378, kwa hiyo Uhuru ilikuwa kilomita 6,918 kutoka kitovuni, na duara lake lilikuwa na urefu wa kilomita 43,500 hivi. Setilaiti ya televisheni iko kilomita 42,164 kutoka kitovuni, na duara lake lina takriban kilomita 265,000. Njia ya juu ni ndefu mara 6 na kidogo. Kama zingekimbia kwa kasi moja, setilaiti ya televisheni ingemaliza mzunguko kwa chini ya saa 10. Lakini inachukua karibu saa 24. Muda uliobaki unatokana na sababu ya pili: kule juu setilaiti inakwenda polepole zaidi.

Ili kuielewa sababu hiyo, tuanze na embe. Embe likichomoka mtini, katika sekunde ya kwanza linashuka karibu mita 5. Wengi hudhani kwamba setilaiti haishuki kwa sababu huko iliko mvuto wa dunia umekwisha. Sivyo. Kwenye kimo cha Uhuru mvuto bado una nguvu kiasi cha asilimia 85 ya ule wa ardhini, na kitu chochote kikiachiwa pale kinashuka mita 4.2 katika sekunde ya kwanza. Uhuru ilikuwa ikianguka muda wote. Ila ilikuwa ikianguka huku ikikimbia kwenda mbele kilomita 7.6 kila sekunde, na duara la njia yake, kwa umbali huo wa kilomita 7.6, linajipinda kwenda chini mita 4.2 vilevile. Ikishuka mita 4.2, njia nayo imeshainama kwa kiasi hicho hicho, na kimo kinabaki kilekile. Hapo ndipo siri yote ilipo: kasi lazima ilingane na mvuto wa mahali hapo.

Sasa twende juu. Newton alieleza mwaka 1687 kwamba mvuto hupungua kwa mraba wa umbali kutoka kitovuni: umbali ukiwa mara 2, mvuto unabaki robo, ukiwa mara 3, unabaki sehemu moja ya tisa. Setilaiti ya televisheni iko mbali mara 6.1 kuliko Uhuru, basi mvuto unaoifikia ni sehemu moja ya 37 hivi. Katika sekunde moja inashuka sentimita 11 tu, kama upana wa kiganja. Ikiwa itakimbia kilomita 7.6 kwa sekunde kama Uhuru, duara la huko litakuwa limejipinda sentimita 68, na kuanguka kwa sentimita 11 hakutatosha kuifuata njia. Itaachana na duara lake, iende zake moja kwa moja isirudi tena. Kasi inayolingana na mvuto hafifu wa kule ni kilomita 3.07 kwa sekunde, pungufu ya nusu ya kasi ya Uhuru.

Weka sababu mbili pamoja na hesabu inakaa sawa. Njia ni ndefu mara 6.1, mwendo ni wa polepole mara 2.47. Zidisha hizo mbili, unapata 15. Na kweli, Uhuru ilizunguka mara 15 wakati setilaiti ya televisheni inazunguka mara moja.

Johannes Kepler aliuona uhusiano huu kwenye mwendo wa sayari kabla mtu yeyote hajajua sababu yake, akauchapisha mwaka 1619: mraba wa muda wa mzunguko unakwenda sambamba na umbali uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kwa setilaiti za dunia, kanuni yake inaandikwa hivi:

T = 2π√(r³/398600)

Herufi T ni muda kwa sekunde, r ni umbali kutoka kitovu cha dunia kwa kilomita, na 398600 ni namba inayobeba nguvu ya mvuto wa dunia yetu. Kikokotoo cha simu kinatosha. Kwa Uhuru, 6,918 ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu inafikia kama bilioni 331. Gawa kwa 398,600, unabaki na karibu 830,600. Kipeuo chake cha pili ni 911.4. Zidisha kwa 6.283, ambayo ni pai mara mbili, unapata sekunde 5,726. Hizo ni dakika 95 na sekunde 26.

Uzito wa chombo haumo kwenye kanuni hiyo, wala haukusahauliwa. Uhuru ilikuwa na kilo 140 hivi. Kituo cha Kimataifa cha Anga kina tani zaidi ya 400. Vikiwekwa kwenye kimo kimoja vitazunguka kwa muda mmoja, kwa sababu mvuto unaviangusha vyote kwa mwendo uleule.

Kosa linalowanasa wengi ni kuweka kimo badala ya umbali kutoka kitovuni. Anayeandika 540 mahali pa 6,918 atapata muda wa dakika 2, na jibu hilo lenyewe linamsuta. Hata kama hewa isingekuwepo na setilaiti ikaambaa na uso wa bahari, mzunguko wake ungechukua dakika 84 na nusu. Jibu lolote chini ya hapo kwa setilaiti ya dunia ni kosa. Kwa sababu hiyohiyo, kuongeza kimo maradufu hakuongezi muda maradufu. Uhuru ingepandishwa hadi kilomita 1,080, umbali wake kutoka kitovuni ungeongezeka kidogo tu, na mzunguko ungekuwa wa dakika 107 badala ya 95.

Mtu wa Malindi, hata hivyo, hakuwa akipitiwa na Uhuru kila baada ya dakika 95. Wakati chombo kinazunguka, dunia nayo ilikuwa inajizungusha kuelekea huko huko mashariki, na Malindi pamoja nayo. Uhuru ilipomaliza duara, Malindi ilikuwa imeshasogea mbele, ikabidi ifukuziwe. Kukutana tena kulichukua dakika 102.

Mbio hizohizo ndizo zinazolifanya dishi la Nairobi lisihitaji kuguswa. Dunia inajizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Zile dakika 4 za kutimiza saa 24 zinatokana na safari yetu kulizunguka jua, ambayo inailazimu dunia kugeuka kidogo zaidi ili jua lirudi utosini. Kimo cha kilomita 35,786 kinatoa muda huo wa saa 23 na dakika 56 barabara. Kama wahandisi wangelenga saa 24 kamili, wangeiweka setilaiti kilomita 77 juu zaidi, nayo ingechelewa kwa karibu nyuzi 1 kila siku. Ndani ya siku chache namba kwenye kifaa cha fundi zingeporomoka na picha ikakatika.

Mwisho wa setilaiti hizi mbili pia unafuata kanuni ileile. Kwenye kimo cha Uhuru bado kuna hewa nyembamba mno, na msuguano wake ulikuwa ukiishusha kidogo kidogo. Ajabu ni kwamba chombo kinachoshuka hivyo kinaongeza kasi, na anayekifuatilia kutoka ardhini anajua kinaanguka kwa kuona mizunguko inafupika: kikifika kilomita 300, dakika 95 zimekuwa 90 na nusu. Uhuru iliingia kwenye hewa nzito na kuteketea Aprili 1979.

Setilaiti ya televisheni haina hewa ya kuishusha. Mafuta yake yakikaribia kwisha, waongozaji wanatumia yaliyobaki kuipandisha kama kilomita 300 zaidi ili iwapishe nyingine nafasi. Kwa kupanda hivyo mzunguko wake unarefuka kwa dakika 15, na inaanza kuachwa nyuma na dunia. Kutoka juu ya Nairobi inasogea magharibi, inapita juu ya Kongo, inavuka Atlantiki na Pasifiki, na baada ya miezi mitatu hivi inatokea upande wa Bahari ya Hindi na kupita tena juu ya paa lile ambalo dishi lake sasa linapokea picha kutoka setilaiti nyingine.