Marashi ya nta: jinsi ya kuyatengeneza yasiyeyuke kwa joto wala kuchoma ngozi

Marashi magumu ya kopo hutengenezwa kwa vitu vitatu tu: nta ya nyuki, mafuta ya kuchanganyia na matone machache ya mafuta ya manukato. Hayana spiriti wala maji, na kopo dogo hutumika kwa wiki nyingi. Wanaotengeneza ili kuuza hupoteza wateja kwa sababu mbili: marashi yanayeyuka kwenye kopo saa sita mchana, au yanawasha ngozi ya aliyeyanunua. Yote mawili huzuilika kwa kupima vizuri tangu mwanzo.

Kipimo cha nta hutegemea unapoishi

Nta safi ya nyuki huyeyuka ikifika nyuzi 62 hadi 65 hivi. Ukiichanganya na mafuta, huanza kulainika kwa joto la chini zaidi, na kadiri mafuta yanavyozidi ndivyo inavyolainika mapema. Kwa hiyo kipimo kinachofaa Nakivale, ambako asubuhi kuna baridi, hakitafaa Kakuma na Kalobeyei, ambako joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35 na ndani ya nyumba ya mabati huwa kali zaidi.

Kwa sehemu za baridi kiasi kama Nakivale, anza na sehemu 1 ya nta kwa sehemu 3 za mafuta. Kwa sehemu za joto kali kama Kakuma, anza na sehemu 1 ya nta kwa sehemu 2 za mafuta. Pima kwa uzito, kwa mizani midogo ya jikoni. Usipime nta iliyokwaruzwa kwa kikombe, kwa sababu huacha nafasi nyingi za hewa na utaweka kidogo bila kujua.

Kuchagua vitu

Nta: inunue kwa wafugaji wa nyuki. Nta ya kweli hunukia asali, na ukiifinyanga mkononi hulainika polepole bila kuteleza. Ikiteleza kama mshumaa na haina harufu, huenda imechanganywa na nta ya mishumaa. Kama ina uchafu, iyeyushe ndani ya maji ya moto, ichuje kwa kitambaa, iache igande juu ya maji, kisha kwaruza uchafu ulioshika upande wa chini. Ikaushe kabisa kabla ya kuitumia.

Mafuta ya kuchanganyia: alizeti yanafaa, kwa kuwa yanapatikana madukani na harufu yake ni ndogo. Mafuta ya nazi pia ni mazuri, ila huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mahali pa joto hayo huwa maji siku nzima, kwa hiyo usitegemee kwamba yatasaidia marashi kuwa magumu.

Mafuta ya manukato: haya ni yale makali yanayokamuliwa kutoka kwenye maua, majani au viungo, kama langilangi, mchaichai na karafuu. Ukitaka kujua kama muuzaji ameyaongeza mafuta ya kupikia, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na uache hadi kesho yake. Yaliyo safi hupotea karibu yote. Yaliyochanganywa huacha doa la mafuta linalopitisha mwanga. Marashi ya dukani yenye spiriti usiyatumie, hayachanganyiki na nta.

Mfano: vikopo 8 vya gramu 10

Kwa sehemu ya baridi kiasi chukua nta gramu 20 na alizeti gramu 60. Kwa sehemu ya joto kali chukua nta gramu 27 na alizeti gramu 53. Manukato ni haya: langilangi matone 10, mchaichai matone 10, karafuu matone 4.

1. Osha vyombo na vikopo, kisha vikaushe kabisa. Marashi haya hayana dawa ya kuzuia kuoza. Maji yakiingia, ukungu utaota.

2. Weka nta na mafuta kwenye bakuli la bati, kisha liweke ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu. Usiweke nta moja kwa moja juu ya moto, kwa sababu inaweza kushika moto. Ikiwaka, funika kwa mfuniko na usimwagie maji. Watoto wakae mbali.

3. Nta ikiyeyuka yote, chovya kijiko kikavu, kiache kipoe kwa dakika 5, kisha bonyeza kwa kidole. Yakiwa laini kama samli, ongeza gramu 2 za nta. Yakiwa magumu hata kidole hakichukui kitu, ongeza kijiko kidogo cha mafuta. Jaribu hivi kabla ya kutia manukato.

4. Ondoa bakuli motoni. Subiri hadi utando mwembamba uanze kuganda pembeni mwa bakuli, ndipo utie manukato na ukoroge. Ukiyatia mchanganyiko ukiwa moto sana, harufu itapotea na mvuke.

5. Mimina kwenye vikopo na usivifunge hadi vipoe. Ukifunga mapema, jasho la mvuke litadondokea ndani.

Kabla ya kuuza, acha kopo moja mahali penye joto zaidi nyumbani kuanzia saa sita hadi saa kumi. Lainika kidogo ni kawaida. Likiwa maji, yeyusha yote tena taratibu na uongeze nta, ukijua kwamba sehemu ya harufu itapungua.

Kichupa cha gololi

Watu wengi huuliza kama mchanganyiko huohuo unaweza kuingia kwenye kichupa chenye gololi mdomoni. Hapana. Nta huganda kuzunguka gololi na kuizuia isizunguke. Humo weka mafuta matupu: mililita 10 za alizeti na matone 3 ya manukato kwa jumla. Mafuta ya nazi yanaweza kuganda asubuhi za baridi na gololi ikakwama.

Kwa nini matone yasizidi

Harufu ikionekana ndogo, mtu hushawishika kuongeza. Langilangi, mchaichai na karafuu vikizidi huwasha ngozi, na karafuu ndiyo kali zaidi. Ngozi ikishaanza kuikataa harufu fulani, inaweza kuikataa kwa miaka mingi. Epuka mafuta ya maganda ya limau au ndimu kwenye marashi ya kupaka: ngozi yenye mafuta hayo ikipigwa na jua inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi.

Mtumiaji mpya apake kidogo upande wa ndani wa kiwiko na asubiri siku moja hadi mbili. Akiona wekundu, muwasho au vipele, aoshe kwa sabuni na asitumie tena. Usimpake mtoto mchanga, wala usipake penye kidonda. Mama mjamzito aulize kwanza kituo cha afya.

Kwenye kila kopo andika vitu vilivyomo na tarehe ya kutengeneza. Yakianza kunuka kama mafuta ya kupikia yaliyokaa, yatupe. Ukitaka kupeleka bidhaa madukani, uliza kwanza masharti ya shirika la viwango la nchi uliyopo: KEBS kwa Kenya, TBS kwa Tanzania, UNBS kwa Uganda.