Siku 30 Si Mwezi: Hesabu Tarehe ya Kulipa Mkopo kwa Programu Yako ya Kwanza

Shangazi yangu anauza mitumba, na mwanzoni mwa mwaka 2025 alichukua mkopo wa siku 30 kwa simu ili aongeze bidhaa. Alikopa Ijumaa tarehe 3 Januari. Jumatatu tarehe 3 Februari, asubuhi na mapema, akalipa zote. Halafu meseji ikaingia: amekatwa faini ya kuchelewa.

"Wee, si nilikopa tarehe tatu? Na leo ni tarehe tatu. Nimechelewaje?"

Kilichomuuma zaidi ni kwamba pesa alikuwa nazo kwa simu tangu Jumamosi. Angeweza kulipa wakati wowote.

Shida ilikuwa moja tu. Mkopo ulikuwa wa siku 30, lakini Januari ina siku 31. Ukihesabu siku 30 kutoka tarehe 3 Januari unafika tarehe 2 Februari, ambayo mwaka huo ilikuwa Jumapili. Angekopa tarehe 3 Februari, hesabu ingeenda upande ule mwingine: Februari 2025 ilikuwa na siku 28, kwa hivyo siku 30 zingemfikisha tarehe 5 Machi. Ndiyo maana hesabu ya kichwani ya "tarehe kama ile ile mwezi ujao" wakati mwingine hukuokoa, na wakati mwingine hukukata faini.

Kompyuta haichoki na hesabu kama hii. Kama umekuwa ukitafuta kitu cha maana cha kuandika kama programu yako ya kwanza, anza na hiki. Tutatumia lugha ya Python, ambayo unaweza kuiandika hata kwa simu ya Android ukiweka apu kama Pydroid 3.

```python
from datetime import date, timedelta

kukopa = date(2025, 1, 3)
mwisho = kukopa + timedelta(days=30)
print(mwisho)
```

Jibu litakalotokea ni `2025-02-02`. Hapo `date` ni tarehe, na `timedelta` ni urefu wa muda. Ukijumlisha tarehe na muda unapata tarehe nyingine. Python yenyewe inajua Januari ina siku ngapi, na inajua mwaka upi Februari ina 29. Jaribu kuweka `date(2024, 1, 31)` mahali pa tarehe ya kukopa, utapata 1 Machi. Badilisha mwaka uwe 2025, utapata 2 Machi.

Angalia mpangilio ndani ya mabano: mwaka, mwezi, siku. Sisi tumezoea kuanza na siku, na hapo watu wengi huteleza. Ukiandika `date(2025, 3, 1)` ukimaanisha tarehe 3 Januari, programu haitalalamika hata kidogo. Itachukua kuwa ni tarehe 1 Machi na kukupa jibu safi kabisa, ila la mkopo mwingine. Italalamika tu ukiipa mwezi usiokuwepo, kama wa 25, ambapo utaona kosa linaloitwa `ValueError`. Kwa hivyo kila mara chapisha pia tarehe ya kukopa na uisome kwa macho yako.

Sasa zimebaki siku ngapi? Toa tarehe ya leo kwenye tarehe ya mwisho:

```python
leo = date.today()
zimebaki = (mwisho - leo).days
print(zimebaki)
```

Ukipata 5, zimebaki siku tano. Ukipata 0, siku yenyewe ni leo. Namba ikiwa na alama ya kutoa mbele, umepita. Kama unafuata kwa mkopo wa shangazi, bila shaka umepata namba kubwa yenye alama hiyo, kwa sababu deni lile ni la kitambo. Weka tarehe ya mkopo wako.

Mtego mkubwa uko hapa. Ukitafuta mifano mtandaoni utakuta wengine wanatumia `datetime.now()` badala ya `date.today()`. Zinafanana, lakini ya kwanza hubeba saa na dakika pia, na hizo saa huvuruga hesabu ya siku. Tuseme umeandika tarehe ya mwisho kama `datetime(2025, 2, 2)`. Kwa kuwa hukutaja saa, Python inachukua saa sita usiku, yaani mwanzo kabisa wa Jumapili ile. Ukiendesha programu Jumamosi saa nne usiku, zimebaki saa mbili tu kufika hapo, na `.days` itakupa 0. Utadhani siku ya kulipa ni leo, kumbe ni kesho. Hiyo si mbaya sana, utalipa mapema. Lakini ukiiendesha Jumapili yenyewe saa mbili asubuhi, itakupa -1. Itakuambia umechelewa siku nzima, na bado una siku yako ya kulipa. Mtu anaweza kukata tamaa na kuacha deni lilale kwa sababu ya namba kama hiyo. Kwa kuhesabu siku, tumia tarehe tupu.

Mtego wa pili unawahusu wanaoandika programu kwenye brauza, kwa mfano Google Colab. Hapo programu haiendeshwi kwa simu yako, inaendeshwa kwa seva iliyo mbali, na saa ya seva hiyo hufuata UTC. Nairobi iko saa tatu mbele ya UTC. Maana yake ni kwamba kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku wa hapa Kenya, seva bado iko jana. Ukiuliza usiku wa manane kuamkia tarehe 2 Februari, itakuambia imebaki siku moja, na ukweli ni kwamba siku ya mwisho imeshaanza. Dawa yake ni kutaja mahali ulipo:

```python
from datetime import datetime
from zoneinfo import ZoneInfo

leo = datetime.now(ZoneInfo("Africa/Nairobi")).date()
```

Ile `.date()` ya mwisho ndiyo inayotupa saa na kuacha tarehe tupu, kwa hivyo mtego wa kwanza haurudi. Mistari hii inahitaji Python 3.9 au mpya zaidi. Kwenye kompyuta ya Windows, ikikataa kuitambua Nairobi, weka kwanza kifurushi cha `tzdata`.

Kabla ya kuiamini programu yako, ipe mkopo wa zamani ambao tayari unajua uliisha lini. Fungua meseji uliyotumiwa wakati huo, ulinganishe. Programu yetu inachukua siku ya kukopa kuwa siku ya sifuri, na siku ya kwanza ni kesho yake. Mkopeshaji anayehesabu siku ya kukopa kama siku ya kwanza atakuwa siku moja mbele yako. Majibu yakipishana kwa siku moja kila mara, sababu huenda ni hiyo, na unairekebisha kwa kuandika `days=29`. Lakini inayokubana ni tarehe iliyo kwenye meseji au masharti ya mkopo, si ile ya programu yako.

Shangazi hakutaka kujifunza Python. Aliniomba nimhesabie mkopo wa Machi, nikampa tarehe, naye akaiandika kwa kalamu nyekundu kwenye daftari la duka, siku mbili kabla ya ile niliyomwambia.