Fahamu: Kwa nini anayemuuguza mzazi halali hata akipokewa zamu

Mama amepooza upande mmoja baada ya kiharusi, na binti yake humgeuza kitandani kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda. Jumamosi usiku kaka mtu anakuja kumpokea. Binti anajilaza chumba cha pili, lakini mama akikohoa tu, yeye keshafika mlangoni.

Mwili uliozoea kusubiri dharura huendelea kutoa homoni za tahadhari, ikiwemo adrenalini, hata pasipo na hatari. Moyo hudunda, shingo hukakamaa, usingizi hukatikakatika. Uchovu huzidisha hofu, na hofu huzidisha uchovu. Hatia nayo humfungia njia ya kupumzika: akilala anajiona amemtelekeza mama, akimkaripia kwa kuchoka, anajilaumu siku nzima.

Kinachoweza kusaidia ni kukabidhi zamu kwa maandishi: mama aligeuzwa saa ngapi, amekunywa dawa zipi, na dalili zipi zinadai binti aamshwe na mama akimbizwe hospitali, kama mdomo kupinda upya, maneno kuvurugika au mkono kulegea ghafla. Kwa mengine, aachwe alale. Hofu haitaisha usiku wa kwanza. Zamu hiyo irudiwe kila wiki.

Ukiona wiki 2 zimepita na bado hulali hata ukipokewa, au hofu inakuzuia kula na kufanya kazi, mweleze daktari. Ukiwaza kujidhuru, usingoje: mwambie mtu leo hii na uende hospitali.