Kipimo cha Uchachu wa Udongo

Mtu apandaye kutoka Masasi mpaka Newala huviacha nyuma vilima vya mawe, akakwea ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, na huko juu huiona mikorosho pande zote. Mti huo una adui aitwaye ubwiri unga, yaani ukungu mweupe ambao hukausha maua kabla hayajazaa. Ili kumzuia adui huyo, wakulima wengi hupuliza unga wa salfa juu ya miti wakati wa maua. Lakini unga wote haubaki juu ya mti. Sehemu yake huanguka chini, na vijidudu vya udongoni huugeuza kidogo kidogo kuwa tindikali. Wataalamu walioyachunguza mashamba ya mikorosho ya kusini katika miaka ya 1990 waliona kwamba salfa huuongezea udongo uchachu. Tena udongo wa Makonde una mchanga mwingi, nao hauwezi kuipinga tindikali kama uwezavyo udongo wa mfinyanzi.

Sasa tuseme mkulima mmoja wa Newala amepimiwa shamba lake. Mahali pasipofikiwa na salfa kipimo kimeonyesha 5.7, na chini ya mikorosho kimeonyesha 4.7. Mkulima asema, "Tofauti ni moja tu; si neno." Je, asema kweli? Ili tumjibu, yatupasa kujua tarakimu hizo zahesabu kitu gani.

Kitu kiletacho uchachu ni chembe ndogo sana ziitwazo ayoni za haidrojeni, zielezo katika maji. Wataalamu huzihesabu kwa moli. Kama vile mfanya biashara asemavyo "korja" kwa vitu ishirini, mtaalamu husema "moli" kwa idadi kubwa mno ya chembe. Na moli moja ya ayoni za haidrojeni ina uzito wa gramu moja hivi. Katika lita moja ya maji safi zimo moli 0.0000001 tu. Katika lita moja ya maji ya limau zimo kama moli 0.01. Tarakimu za namna hii huchosha macho, na ni rahisi mtu kusahau sifuri moja.

Mwaka 1909 Sørensen, mtaalamu wa kemia katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, nchi ya Denmark, alitengeneza njia fupi. Badala ya kuandika sifuri zote, aliandika kipeo cha kumi. Moli 0.01 ni sehemu moja ya mia, yaani 10⁻², na 0.0000001 ni 10⁻⁷. Kipeo hicho ndicho kiitwacho logi ya tarakimu ile. Logi ya 10⁻² ni −2, na logi ya 10⁻⁷ ni −7. Kwa kuwa alama ya kutoa ingejirudia kila mara, Sørensen aliigeuza logi ikawa tarakimu ya kawaida. Basi kanuni ni hii:

pH = −logi ya moli za ayoni za haidrojeni katika lita moja

Kwa hiyo maji ya limau yana pH 2 hivi, na maji safi yana pH 7. Angalia sana jambo hili: kwa sababu ya ile alama ya kutoa, tarakimu ikipungua uchachu huongezeka. Tena kila hatua moja ya kipimo ni mara kumi ya ayoni. Kushuka hatua mbili ni mara mia, wala si mara mbili.

Lakini udongo hauji na kipeo kizima kila mara. Hapo yafaa kuzijua logi tatu tu: logi ya 2 ni 0.30, ya 3 ni 0.48, na ya 5 ni 0.70. Tuseme lita moja ya maji ya udongo ina moli 0.000005, yaani 5 × 10⁻⁶. Twachukua 6, twatoa 0.70, twapata pH 5.30. Mwanafunzi mwenye haraka hujumlisha, akaandika 6.70. Atajuaje kwamba amekosa? Na ajiulize hivi: 5 × 10⁻⁶ ni nyingi kuliko 10⁻⁶, ambayo pH yake ni 6, basi uchachu wake umezidi, na jibu halina budi kuwa chini ya 6.

Kurudi kutoka kipimo mpaka ayoni ni kuifuata njia ile ile kinyume. Turudi kwa mkulima wetu. Kipimo cha 4.7 ni 5 kutoa 0.30, na 0.30 ni logi ya 2. Basi ayoni ni 2 × 10⁻⁵, yaani moli 0.00002. Kipimo cha 5.7 ni 6 kutoa 0.30, basi ayoni ni 2 × 10⁻⁶, yaani moli 0.000002. Hiyo "moja tu" ya mkulima ni mara kumi. Wala si jambo la hesabu peke yake. Udongo ukishuka chini ya 5.5 hivi, alumini iliyofungwa katika udongo huanza kuyeyuka, nayo hudhuru ncha za mizizi. Muhogo huvumilia sana. Lakini mahindi yaliyopandwa katikati ya mikorosho huota mizizi mifupi minene, na jua likizidi hukauka upesi.

Liko kosa jingine. Mtu aweza kuvijumlisha vipimo viwili na kugawanya kwa mbili, akapata 5.2, akadhani ndio uchachu wa wastani. Yampasa kwanza kurudi kwenye ayoni: 0.00002 na 0.000002 jumla yake ni 0.000022, na nusu yake ni 0.000011. Logi ya 1.1 ni 0.04, basi pH ni 5 kutoa 0.04, yaani 4.96. Uchachu wa wastani umezidi alivyodhani, kwa kuwa upande wenye ayoni nyingi ndio ulioivuta hesabu.

Hata hivyo kipimo hiki kina mpaka wake. Chahesabu ayoni zielezo katika maji tu, wala hakizihesabu zile zilizoshikwa na udongo wenyewe. Kwa hiyo mashamba mawili yenye pH moja huweza kuhitaji chokaa kwa kadiri mbalimbali: la mchanga hutaka kidogo, la mfinyanzi hutaka nyingi. Tena namna ya kupima ni lazima iandikwe. Udongo ukikorogwa katika maji ya chumvi ya kalisi badala ya maji safi, kipimo mara nyingi hushuka kwa nusu hatua hivi. Na nusu hatua ni ayoni mara tatu na zaidi. Mtu akipima mwaka huu kwa maji safi na mwaka ujao kwa maji ya chumvi, atadhani shamba limeharibika, kumbe ni maji yaliyobadilika.

Basi mkulima akisema, "Moja tu," mwambie aandike sifuri zake zote, azihesabu.

Maswali. 1. Maji ya udongo yana moli 0.00003 za ayoni katika lita moja. Tafuta pH yake. 2. Udongo una pH 6.3. Ayoni ni ngapi katika lita? 3. Shamba limeshuka kutoka 6.3 mpaka 4.3. Ayoni zimeongezeka mara ngapi?