Kosa Moja, Barua Mbili

Mfanyakazi aliyekwisha kuadhibiwa kwa kosa fulani hapaswi kuadhibiwa tena kwa kosa hilohilo. Kanuni hii inajulikana zaidi mahakamani, ambako mtu aliyehukumiwa hashtakiwi upya kwa jambo lilelile, lakini kazini haikuingia kwa mlango huo. Kikao cha nidhamu si mahakama, na mwajiri si hakimu. Kinachomfunga mwajiri ni haki ya kawaida kati ya pande mbili zenye mkataba: akishalipima kosa, akachagua adhabu na kuiandikia barua, mfanyakazi ana sababu ya kuamini kwamba jambo limekwisha.

Tanzania Bara, mlango wa kisheria ni kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu hicho kinamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaeleza utaratibu huo: uchunguzi kwanza, kisha tuhuma zielezwe kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, asikilizwe akiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, na kikao kiendeshwe na mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na tukio. Swali la adhabu ya pili, na lile la kuchelewa, yote mawili huingia humu, chini ya neno hilo moja la haki.

Mfano wa kubuni utasaidia. Mtunza stoo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi anakutwa mwezi Machi na upungufu wa mifuko 40 ya saruji. Meneja wa tawi anamwita, anamtaka ajieleze kwa maandishi, wanakaa kikao, na tarehe 4 Aprili anapewa barua ya onyo la mwisho. Anasaini nakala, nyingine inaingia kwenye faili lake. Mwezi Novemba mkurugenzi anapitia hesabu za mwaka, anaiona ile mifuko 40, na anakasirika kwamba mtu huyo bado yupo kazini. Barua ya kumwachisha inaandikwa wiki hiyohiyo.

Hapa mwajiri ana kazi ngumu. Hakuna jipya kuhusu mifuko ile ambalo Novemba imeleta na Aprili haikuwa nalo. Kilichobadilika ni mtu aliyeshika kalamu, na kampuni haiwezi kusema kwamba meneja aliyetoa onyo alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na mamlaka, na alisema kwa niaba yake. Mkurugenzi anaweza kumlaumu meneja kwa ulegevu, lakini lawama hiyo ni ya meneja, na mtunza stoo hapaswi kuilipia.

Tubadilishe kitu kimoja tu. Mwezi Novemba mkaguzi anakuta hati za kupokea mzigo zenye saini za kughushi, na hati hizo zinaonyesha kwamba mifuko 40 haikupotea kwa uzembe: ilipakiwa kwenye gari na kuuzwa. Sasa jambo si lilelile. Mwezi Aprili mtu huyu aliadhibiwa kwa kutotunza mali; tuhuma ya Novemba ni wizi na kughushi, na ushahidi wake ulikuwa umefichwa na yeye mwenyewe. Mwajiri anaweza kufungua shauri jipya, mradi afuate utaratibu wote upya badala ya kuiongezea uzito barua ya zamani. Kipimo ni kuuliza kama jambo hili lingeweza kujulikana Aprili kwa uchunguzi wa kawaida. Kama hati zilikuwa kwenye faili la stoo na hakuna aliyejisumbua kulifungua, hoja ya ushahidi mpya inapoteza nguvu nyingi.

Mashauri ambayo yamelichambua jambo hili kwa kina zaidi yako Afrika Kusini, ambako sheria ya kazi ya mwaka 1995 inafanana mno na ile ya Tanzania ya 2004. Mwaka 2000, katika shauri la kampuni ya magari ya BMW, Mahakama ya Rufani ya Kazi ya huko ilisema kwamba kikao cha pili hakikatazwi moja kwa moja. Kinaruhusiwa pale tu haki inapokidai, na hilo si jambo la kila siku. Mwaka 2003 likafuata shauri la shirika la treni la Metrorail, Durban. Mfanyakazi alikuwa ameonywa na msimamizi wake, bila kikao, kuhusu fedha ndogondogo za ofisi. Baadaye ukaguzi ukaonyesha kwamba mambo yalikuwa mazito kuliko msimamizi alivyojua, mfanyakazi akashtakiwa rasmi na kufukuzwa. Majaji hawakukubaliana wote, lakini walio wengi waliona kufukuzwa kule kulikuwa kwa haki, kwa kuwa onyo la kwanza lilitolewa haraka na bila ukweli wote. Ni hukumu ya kutumia kwa tahadhari. Mwajiri akiruhusiwa kuita adhabu yake ya kwanza mzaha kila anapoijutia, kanuni yenyewe haitabaki na kitu.

Shauri gumu kuliko yote huenda ni la Haringey, London. Mwezi Agosti 2007 mtoto Peter Connelly, wa miezi 17, alikufa baada ya kuteswa nyumbani kwao, ilhali idara ya ustawi wa jamii ya halmashauri ilikuwa ikimfuatilia. Watumishi wawili waliohusika walipitishwa kwenye utaratibu mwepesi wa nidhamu, ambao adhabu yake ya juu ilikuwa onyo la maandishi, na wakapewa onyo. Baadaye kesi ya jinai ikaisha, magazeti yakawaka moto, uongozi wa idara ukabadilishwa. Uongozi mpya uliona makosa yalikuwa mazito mno kwa utaratibu ule, ukaanzisha shauri la pili, na mwaka 2009 wote wawili wakafukuzwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikubali kufukuzwa kule. Ilisema kwamba katazo la kurudia shauri lililokwisha kuamuliwa ni la mahakama na halifungi nidhamu ya ndani ya mwajiri. Hata hivyo ilisisitiza kwamba kwa kawaida kurudia hivyo hakuwi kwa haki, na kwamba lazima pawepo hali isiyo ya kawaida. Huko hali hiyo ilikuwa kifo cha mtoto na wajibu wa kuwalinda watoto wengine. Mifuko 40 ya saruji haifiki hapo.

Kabla ya kulalamikia adhabu mbili ni vizuri kuhakikisha kwamba zote mbili kweli ni adhabu. Kusimamishwa kazi kwa malipo ili kupisha uchunguzi si adhabu, ingawa jirani anayemwona mtu nyumbani saa nne asubuhi hawezi kuamini. Kusimamishwa bila malipo kwa wiki mbili "ili ajifunze" ni adhabu, na kumwachisha baadaye kwa jambo lilelile ni ya pili. Kukatwa mshahara kufidia hasara nako kunaweza kuwa ni kurudisha deni tu, lakini kifungu cha 28 cha sheria ya 2004 kinaweka masharti: mfanyakazi akubali kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Onyo la zamani pia linaweza kutumika kuongeza uzito wa kosa jipya. Mtunza stoo akipoteza mifuko mingine Desemba, onyo la Aprili linasomwa, na kinachoadhibiwa ni Desemba.

Swali la kuchelewa ni la upande mwingine wa jambo hilihili. Hapa adhabu haikutolewa kabisa. Mwajiri alijua, akanyamaza, miezi ikapita, kisha akaamka. Sheria ya Tanzania haiweki idadi ya siku kati ya kugundua kosa na kufungua shauri. Kanuni za 2007 zinataka tu kikao kifanyike na kumalizika ndani ya muda unaofaa. Hivyo hakuna tarehe ambayo kosa linafutika lenyewe. Ila ukimya una gharama, na gharama hiyo huonekana kwa namna mbili.

Ya kwanza ni ushahidi. Dereva aliyepakia mzigo amehamia Mwanza, kamera ya geti imefuta picha zake, na mtunza stoo mwenyewe hakumbuki siku ile zamu ilikuwa ya nani. Ya pili ni hoja ya uaminifu. Mwajiri anayefukuza husema kwamba imani imekwisha na hawezi tena kufanya kazi na mtu huyu. Lakini kama alimwachia funguo za stoo kwa miezi minane baada ya kujua, akampa nyongeza ya mshahara na kumtia kwenye orodha ya watakaosimamia tawi jipya, vitendo vyake vinapingana na maneno yake. Mfanyakazi anaweza kudai kwamba amekwisha kusamehewa.

Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ililigusa hili mwaka 2019 katika shauri la ofisa wa elimu wa jimbo la Eastern Cape. Tuhuma ya mgongano wa maslahi, iliyohusu mkataba wa kusafirisha wanafunzi, ilikuwa ya mwaka 2009. Kufukuzwa kulikuja 2014, na katikati ofisa alibaki kazini. Mahakama ilisema ucheleweshaji lazima upimwe: umekuwa mrefu kiasi gani, mwajiri ana maelezo gani, mfanyakazi alidai shauri lisikilizwe au alikaa kimya akiombea lisahaulike, ameumia vipi katika kujitetea, na kosa lenyewe lina uzito gani. Idara haikuwa na maelezo ya kuridhisha, na utaratibu ukaonekana haukuwa wa haki.

Katika vipimo hivyo, maelezo ndiyo huamua mara nyingi. Miezi sita ya ukaguzi wa hesabu, yenye barua, tarehe na ripoti za hatua kwa hatua, inaeleweka, hasa pale mhusika alipokuwa amevuruga vitabu. Miezi sita ya faili kukaa kwenye droo ya bosi aliyesafiri haieleweki. Muda huanza kuhesabiwa pale mwajiri anapojua, wala si siku ya tukio, kwa hiyo wizi wa miaka mitatu nyuma uliogunduliwa jana haujachelewa. Barua fupi ya siku ya kugundua, inayosema tuhuma imepokelewa na uchunguzi umeanza, humwokoa mwajiri na ubishi mwingi wa baadaye.

Mfanyakazi naye hana nafasi ya kuchelewa. Anayepinga kuachishwa kazi anatakiwa kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Akipita hapo, ataanza na ombi la kuongezewa muda, na atatakiwa kueleza kila siku aliyochelewa, ukali ambao mwajiri wake hakuwahi kuwekewa na sheria. Akifika kwa wakati, mzigo wa kuthibitisha kwamba kuachishwa kulikuwa kwa haki uko kwa mwajiri, na mahali pa kuanzia ni ile nakala ya barua ya tarehe 4 Aprili.